Barua ya kwanza ya Mwenyekiti kwa wananchi wa kijiji

OFISI YA SERIKALI YA KIJIJI
6 Desemba 2024

Kwa wananchi wote,
Kupitia kwa wenyeviti wa vitongoji.

YAH: SALAMU, SHUKRANI NA WITO WA KULETA SHIDA ZENU OFISINI

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba na vijana wote, habari za kazi na poleni na mashamba.

Tarehe 27 Novemba mlipanga foleni tangu asubuhi, mkanipa uenyekiti wa kijiji hiki. Ninawashukuru sana. Wale ambao kura zao zilikwenda kwingine nawashukuru pia, maana mliacha kazi zenu mkaja kuchagua. Uchaguzi umekwisha. Atakayefika ofisini na shida yake hataulizwa alimpigia nani wala anatoka chama gani.

Wengi mnanifahamu kwa kazi ya kutunza hazina ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kwa miaka minane nimeandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na kila mwisho wa mwezi nimesoma hesabu kwa sauti mbele ya wenye fedha. Ndivyo nitakavyofanya hata hapa.

Nina jambo moja kubwa la kuwaomba, nalo nimelipata wakati nikipita nyumba kwa nyumba kuomba kura. Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Akanionyesha kisiki cha mnyaa kilichokatwa zamani, kimeshaanza kuoza. Akasema, "Mwanangu, mpaka ulikuwa hapa." Kisha akapiga hatua nne, akasimama. "Sasa wanasema uko hapa." Nikamuuliza ni tangu lini. Akaniambia huu ni mwaka wa sita. Nikamuuliza amemweleza nani. Hakuna. Siku moja alikwenda ofisini akakuta kufuli, akarudi nyumbani akaona bora anyamaze.

Kwa hatua nne za ardhi, nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana majembe hazisalimiani. Walipofiwa upande mmoja, upande wa pili hawakwenda kuzika. Watoto wao sasa ni vijana wakubwa, na kila msimu wa kulima mama zao hawalali kwa hofu. Mzee ameniruhusu kulisema hili bila kumtaja, na shauri lake litakuwa la kwanza kuandikwa.

Ndugu zangu, jambo lile lingeweza kumalizwa siku kisiki kile kilipokuwa bado kinatoa utomvu, mashahidi wakiwa hai na hasira ikiwa ndogo. Kwa hiyo nawaomba: leteni shida mapema. Msisubiri iive. Usiseme "hili ni dogo, nitamsumbua mwenyekiti." Nisumbueni. Ng'ombe wameingia shambani, njia ya kwenda kisimani imezibwa, bomba linavuja, mtoto ameacha shule na hujui pa kuanzia, mjane anabanwa na ndugu wa marehemu juu ya nyumba. Hayo yote ni ya kuleta.

Nitakuwa ofisini kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Nitaanza Jumanne, tarehe 10 Desemba, kwa kuwa Jumatatu ni sikukuu ya Uhuru. Nikipata dharura, mlangoni kutakuwa na karatasi inayosema nimekwenda wapi na nani anashika nafasi, ili mtu asirudi tena nyumbani kwa sababu ya kufuli. Huhitaji kuandika barua. Njoo useme kwa mdomo. Nimenunua daftari jipya, na mbele yako nitaandika tarehe, jina lako, shida yako na hatua tuliyokubaliana. Utapewa namba yako. Ndani ya siku 14 utapata jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba jambo lako limenishinda na nimelipeleka kwenye kata.

Asiyeweza kutembea, amtume mtoto au amwambie mwenyekiti wa kitongoji chake, nami nitamfuata nyumbani. Kina mama wenye jambo wasilotaka kulisema mbele ya watu, semeni tu "nataka kuongea na mwenyekiti peke yake." Itatosha, hakuna atakayewadadisi.

Sasa niseme na yale nisiyoweza, ili tusije tukalaumiana. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumgawia mtu ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mkutano mkuu ni ninyi. Akija mtu akisema mwenyekiti amempimia eneo kimya kimya, mleteni mbele yangu. Migogoro ya mipaka tutaipeleka kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Ni la watu saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yake ni kusuluhisha. Asiyeridhika ana haki ya kwenda mbele zaidi, na hakuna atakayemnunia kwa hilo.

Kuna mengine ambayo sitayakalia kikao kabisa. Mtoto kubakwa, mtu kupigwa hadi kuumizwa, binti kuozeshwa akiwa mwanafunzi: haya ni ya polisi. Nitakusindikiza kituoni mimi mwenyewe, usiku au mchana, ukapate fomu ya PF3 na matibabu. Ninawasihi wazazi, tusipokee mbuzi wala fedha tukasema tumeyamaliza kifamilia. Mtoto aliyeumizwa hana kikao alichoitwa, na mimi sitaweka sahihi yangu kwenye makubaliano ya namna hiyo.

Barua ya utambulisho haiuzwi. Ukiombwa chochote ili upigiwe muhuri, hata "ya soda", njoo uniambie siku hiyohiyo. Mchango wowote wa kijiji utakuwa ni ule uliopitishwa na mkutano, na utapewa stakabadhi. Usipopewa stakabadhi, usitoe.

Nimekubaliana na Afisa Mtendaji wetu, ambaye ndiye katibu wa mikutano, kwamba mkutano mkuu wa kwanza utakuwa Jumamosi, tarehe 11 Januari 2025, saa 3 asubuhi, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Siku hiyo tutasoma mapato na matumizi, na nitasoma pia hesabu ya daftari la shida: ngapi zimeletwa, ngapi zimekwisha, ngapi zimekwama na wapi. Majina hayatasomwa. Baada ya hapo mkutano utakuwa kila baada ya miezi mitatu, kama sheria inavyotaka, na mkiona nimepitisha muda bila kuitisha, nikumbusheni bila kuona haya.

Vijana, najua mmezoea kukaa nyuma kabisa kwenye mikutano, chini ya miti. Safari hii njooni mbele. Mradi wa maji, uwanja, mikopo ya halmashauri ya wilaya kwa vikundi vya vijana, yote hayo yanazungumzwa pale mbele na mara nyingi ninyi hamsikii.

Wenyeviti wa vitongoji, naomba mwasomee barua hii wasiojua kusoma, na muibandike mahali ambapo mvua haiifikii. Atakayekuwa na swali kabla ya Jumanne anifuate nyumbani. Jioni nipo, na mlango uko wazi.

Wenu katika kazi,

Mwenyekiti wa Kijiji

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji, wenyeviti wa vitongoji vyote, ubao wa matangazo.