Kazi ya Likizo, Kidato cha Pili: Kugeuza Kauli ya Kutenda Kuwa Kauli ya Kutendwa

Fanya kazi hii kwenye daftari la mazoezi. Andika sentensi nzima kila mara, usiandike kitenzi peke yake, kwa sababu makosa mengi hujificha kwenye upatanisho na si kwenye kitenzi. Majibu yako mwisho. Maliza sehemu nzima ndipo uyatazame, kisha sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine ili tukifungua shule nione ulikwama wapi.

Kabla ya kuanza

Tazama sentensi hii kwa makini:

Mpishi anapika wali. → Wali unapikwa na mpishi.

Wali, uliokuwa yambwa, sasa ni kiima na umekaa mwanzoni. Kiambishi *a-* cha mpishi kimeondoka na *u-* ya wali imeshika nafasi yake. Kiambishi *-w-* kimeingia kabla ya irabu ya mwisho. Mpishi amesogea nyuma na kutanguliwa na *na*. Lakini *-na-* ya wakati uliopo haikuguswa, wala haiguswi kamwe. Sentensi ikiwa ya wakati uliopita hubaki ya wakati uliopita, ya wakati ujao hubaki ya wakati ujao.

Ukiandika "wali anapikwa" umegeuza kitenzi ukasahau ngeli. Hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwenye madaftari yenu. Kila unapogeuza, jiulize kwanza: kiima kipya ni cha ngeli gani?

Sasa fuata sentensi moja katika nyakati zote. Kanzu iko katika ngeli ya I-ZI:

| Kutenda | Kutendwa |
|---|---|
| Fundi anashona kanzu. | Kanzu inashonwa na fundi. |
| Fundi alishona kanzu. | Kanzu ilishonwa na fundi. |
| Fundi atashona kanzu. | Kanzu itashonwa na fundi. |
| Fundi ameshona kanzu. | Kanzu imeshonwa na fundi. |
| Fundi hushona kanzu. | Kanzu hushonwa na fundi. |
| Fundi hashoni kanzu. | Kanzu haishonwi na fundi. |
| Fundi hakushona kanzu. | Kanzu haikushonwa na fundi. |
| Fundi hajashona kanzu. | Kanzu haijashonwa na fundi. |
| Fundi hatashona kanzu. | Kanzu haitashonwa na fundi. |
| Fundi angeshona kanzu. | Kanzu ingeshonwa na fundi. |

Katika ukanushi wote huo, ni wakati uliopo pekee unaoishia na *-i*: haishonwi. Kwingine *-a* inabaki palepale.

Sehemu A: Uliopo, uliopita, ujao na timilifu

Kama kitenzi kimebeba kiambishi cha yambwa, kama *-i-* katika "waliiteka", kiondoe. Yambwa imeshakuwa kiima, haihitaji kutajwa mara mbili.

1. Mama lishe anakaanga maandazi.
2. Wareno walijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593.
3. Wavuvi wametengeneza nyavu.
4. Kondakta atakusanya nauli.
5. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505.
6. Daktari amempima mgonjwa.
7. Walimu watasahihisha mitihani.
8. Shangazi ameupaka ukuta rangi.

Sehemu B: Vitenzi visivyokubali -w- peke yake

Hapa ndipo pa kutulia. *Pika* na *shona* ni rahisi kwa sababu mzizi unaishia na konsonanti. Kitenzi kinachoishia na irabu mbili, kama *nunua* au *toa*, huhitaji *l* katikati, na irabu inayoifuata hutegemea irabu ya mzizi. Mzizi wenye *a*, *i* au *u* huchukua *-liwa*: nunuliwa, fuliwa, kataliwa. Wenye *e* au *o* huchukua *-lewa*: tolewa, ondolewa, lelewa. Lakini kitenzi cha kauli ya kutendea, kama *tembelea*, hakihitaji *l* nyingine: tembelewa. Soma kwa sauti, sikio litakusaidia. Hakuna anayekulia na Kiswahili atakayesema "tolíwa" bila kushtuka.

Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu ambavyo haviishii na *-a* huwa hivi: jibu → jibiwa, haribu → haribiwa, samehe → samehewa, sahau → sahauliwa.

Vile vya silabi moja vina jambo lao. Tunasema "anakula", lakini *ku* hiyo ipo tu kwa sababu *-la* ni fupi mno. Ikishakuwa *-liwa* haihitajiki tena: chakula kinaliwa. Vivyo hivyo *nywa* huwa *nywewa*, na *pa* huwa *pewa*.

1. Baba alinunua mbuzi wawili.
2. Dobi anafua mashuka.
3. Bibi amewalea wajukuu.
4. Mhazini atatoa risiti.
5. Watoto wanakula ubuyu.
6. Ng'ombe watakunywa maji ya kisima.
7. Mwanafunzi alijibu maswali yote.
8. Mvua imeharibu barabara.
9. Wazee walisamehe deni.
10. Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331.
11. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sehemu C: Ukanushi

1. Dada hapiki chapati leo.
2. Mabaharia hawakushusha tanga.
3. Karani hajasajili majina yetu.
4. Mwenyekiti hatafunga mkutano.
5. Watu hawali nyama hii.

Sehemu D: Mazoea, masharti, amri na urejeshi

*Hu-* haibebi nafsi wala ngeli, kwa hiyo sentensi ya mazoea ni nyepesi kuliko zote. Amri huchukua sura ya *-e* mwishoni: "Osha vyombo!" huwa "Vyombo vioshwe!", na anayeamriwa hatajwi. Penye vishazi viwili, geuza kila kishazi chenye yambwa. Kisicho na yambwa kiache kilivyo.

1. Wakulima wa Pemba huchuma karafuu.
2. Serikali ingejenga daraja hili, wafanyabiashara wangesafirisha mazao.
3. Nahodha angaliwasikiliza mabaharia, chombo kisingalizama.
4. Mwalimu akiita majina, simameni.
5. Fungeni milango!
6. Barua aliyoiandika katibu imefika.

Sehemu E: Yambwa mbili, kifaa na mahali

Mtu akipewa kitu, kwa kawaida mtu ndiye huwa kiima: "Mjomba alimpa Neema baiskeli" huwa "Neema alipewa baiskeli na mjomba". Mtenda hutanguliwa na *na*. Kifaa hubaki na *kwa*.

Kiswahili pia huruhusu mahali kuwa kiima, hata kwa kitenzi kisicho na yambwa. "Wageni wanalala chumba cha juu" inakuwa "Chumba cha juu kinalalwa na wageni". Naipenda sana sentensi ya namna hii, na ningependa muizoee, maana wengi huikwepa wakidhani ni kosa.

1. Mama amewapikia wageni biriani.
2. Seremala alikata ubao kwa msumeno.
3. Mimi niliandika shairi hili.
4. Wezi wameingia dukani.
5. Mhudumu atawaletea wateja chai.

Sehemu F: Sahihisha

Kila sentensi ina kosa moja. Iandike upya, kisha eleza kosa kwa maneno machache.

1. Kikombe kimevunjika na mtoto.
2. Nyama ilikuliwa na paka.
3. Vitabu havijasomwi na wanafunzi.
4. Wageni walipokelewa kwa mwenyeji wao.

Sehemu G: Habari fupi

Geuza habari yote. Angalia nyakati zinavyobadilika kutoka sentensi hadi sentensi.

*Wiki iliyopita wanakijiji walichimba kisima. Vijana walibeba mawe, na akina mama walileta chakula. Mwenyekiti hakutoa hotuba. Leo fundi anafunga pampu, na kesho afisa afya atapima maji. Watu hawajayanywa maji hayo.*

Ukimaliza, soma habari zote mbili kwa sauti na uandike ipi inapendeza zaidi, na kwa nini. Si kila sentensi hupendeza ikigeuzwa. Kauli ya kutendwa hufaa pale tunapotaka kisima kisikike kwanza kuliko waliokichimba.

Majibu

A. 1. Maandazi yanakaangwa na mama lishe. 2. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593. 3. Nyavu zimetengenezwa na wavuvi. 4. Nauli itakusanywa na kondakta. 5. Kilwa ilitekwa na Wareno mwaka 1505. 6. Mgonjwa amepimwa na daktari. 7. Mitihani itasahihishwa na walimu. 8. Ukuta umepakwa rangi na shangazi.

B. 1. Mbuzi wawili walinunuliwa na baba. (Mbuzi ni mnyama, kwa hiyo ni A-WA.) 2. Mashuka yanafuliwa na dobi. 3. Wajukuu wamelelewa na bibi. 4. Risiti itatolewa na mhazini. 5. Ubuyu unaliwa na watoto. 6. Maji ya kisima yatanywewa na ng'ombe. 7. Maswali yote yalijibiwa na mwanafunzi. 8. Barabara imeharibiwa na mvua. 9. Deni lilisamehewa na wazee. 10. Kilwa ilitembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. 11. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

C. 1. Chapati hazipikwi na dada leo. (Kama ulifikiria chapati moja, "haipikwi" ni sahihi.) 2. Tanga halikushushwa na mabaharia. 3. Majina yetu hayajasajiliwa na karani. 4. Mkutano hautafungwa na mwenyekiti. 5. Nyama hii hailiwi na watu.

D. 1. Karafuu huchumwa na wakulima wa Pemba. 2. Daraja hili lingejengwa na serikali, mazao yangesafirishwa na wafanyabiashara. 3. Mabaharia wangalisikilizwa na nahodha, chombo kisingalizama. (*Zama* haina yambwa, kwa hiyo haikugeuzwa.) 4. Majina yakiitwa na mwalimu, simameni. 5. Milango ifungwe! 6. Barua iliyoandikwa na katibu imefika.

E. 1. Wageni wamepikiwa biriani na mama. 2. Ubao ulikatwa na seremala kwa msumeno. 3. Shairi hili liliandikwa nami. ("Na mimi" pia inakubalika.) 4. Dukani kumeingiwa na wezi. 5. Wateja wataletewa chai na mhudumu.

F. 1. Kikombe kimevunjwa na mtoto. *Vunjika* ni kauli ya kutendeka: inaeleza hali ya kikombe na haimtaji mtenda. Ukitaka kumtaja mtoto, tumia *vunjwa*. 2. Nyama ililiwa na paka. *Ku* huachwa. 3. Vitabu havijasomwa na wanafunzi. *-i* ni ya ukanushi wa wakati uliopo, siyo wa *-ja-*. 4. Wageni walipokelewa na mwenyeji wao. Mwenyeji ni mtenda, siyo kifaa.

G. Wiki iliyopita kisima kilichimbwa na wanakijiji. Mawe yalibebwa na vijana, na chakula kililetwa na akina mama. Hotuba haikutolewa na mwenyekiti. Leo pampu inafungwa na fundi, na kesho maji yatapimwa na afisa afya. Maji hayo hayajanywewa na watu.

Katika "kililetwa", *li* ya wakati uliopita imefuatana na *le* ya *leta*. Ukiandika "kiletwa" umepoteza wakati, kwa hiyo hesabu silabi zako hapo.