Kuhusu ofa ya kazi ya mapokezi, Shela

Assalaam aleikum Bi Meneja,

Ahsante kwa barua ya jana. Kazi naitaka kwa moyo wote. Shilingi 28,000 ni chini ya nilivyotarajia, ila umenieleza bajeti imefungwa, basi mshahara siurudii.

Naomba kozi ya uhasibu mwezi wa Mei, kusi likivuma na vyumba vikiwa vitupu. Ulisema hesabu zenu hupelekwa Mombasa kila mwezi. Nikihitimu nitazifunga hapa hapa.

Pia zamu ianze saa mbili asubuhi badala ya saa moja: humwogesha mama kwanza, ndipo nipande boti. Likizo ya kisheria ni siku 21. Je, yawezekana 24, nipate Maulidi nyumbani?

Nikipata kozi na saa hizo, natia saini Jumatatu.