Ratiba ya mazoezi ya hotuba ya Ami, Alhamisi mpaka Jumamosi

Assalam aleikum Ami, shikamoo. Hii ndo ile ratiba tulozungumza jana, naituma na kwenye grupu la nyumbani ili shangazi na binamu wajue wanatakiwa saa ngapi. Hotuba ni Jumapili saa nne asubuhi Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, na wavuvi tumepewa dakika 10. Si 12, Ami, ni 10, na mshereheshaji kashasema atazima maiki.

ALHAMISI: kusoma na kukata

Saa kumi na nusu jioni, ukishatoka msikitini Alasiri, tunakaa darini kwako mimi na wewe tu. Unasoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, umekaa, taratibu, bila kusimama kurekebisha chochote hata ukiona kosa. Mimi nakurekodi na simu na nina penseli, naweka alama pahali pumzi inakukatikia, pahali ulimi unajikwaa na pahali mimi mwenyewe nimepotea. Saa usiitazame, ntaihesabu mimi kimyakimya na sikwambii mpaka umalize.

Tukimaliza hapo tunarudi kwa ile aya ya tatu peke yake, tena na tena, coz ndo yenye tarakimu. Hukumu ya Mahakama Kuu Malindi, 30 Aprili 2018, shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi kama 4,600 sababu ya ujenzi wa bandari. Kwa karatasi inapendeza, kwa mdomo inakwama. Tamka hivi: "bilioni moja, milioni mia saba na sitini", nyamaza, hesabu mbili moyoni, ndo useme "wavuvi kama elfu nne na mia sita". Na ile sentensi inayofuata yenye mji wetu kuorodheshwa UNESCO 2001 na gati ya kwanza kufunguliwa 2021 tuipasue, miaka miwili ndani ya pumzi moja hakuna atakayeshika hata mmoja. Kwa maoni yangu ya UNESCO itoke kabisa, hapa Amu nani hajui, lakini kama unaitaka kwa ajili ya wageni wa Nairobi basi ikae mwanzo peke yake.

Baada ya Magharibi tunasikiliza rekodi. Najua hupendi kujisikia sauti, stahamili mara moja tu. Alafu tunakata, na pa kuanzia napajua: ile orodha ya waheshimiwa. Gavana, kamishna, wabunge, maimamu, wenyeviti wa kamati zote za ufuoni, ukiwataja mmoja mmoja kwa cheo dakika mbili zishaenda na mshereheshaji atakuwa kawataja tayari. Sema "waheshimiwa nyote kwa vyeo vyenu, na wazee wetu" uingie kazini.

Baada ya Isha maandishi yanafungwa. Wazee wa kamati wakipiga kutaka neno liongezwe wape namba yangu, ntawajibu mimi.

IJUMAA: kusimama

Asubuhi hakuna zoezi, pumzisha koo. Juma'a, chakula, ulale kidogo. Pilau kula lakini maji ya barafu usiyaguse, ntakuletea tangawizi kwenye chupa ya chai.

Saa kumi na moja jioni tuwe Shela ufuoni, kule mbele watu wanakopungua. Upepo ndo tunaoutaka. Wewe unasimama unaupa uso, binamu anasimama hatua kama 40 mbele yako, akikosa neno ananyanyua mkono. Hapa lengo si kupiga kelele, Ami, sauti unayo, tatizo ni unameza neno la mwisho. Unaanza "tunaomba serikali iweke maboya" kwa nguvu kabisa, ukifika "kwenye njia ya meli" ishakuwa unaongea na kifua chako. Na hilo ndo neno lenyewe! Kwa hiyo kila sentensi yenye ombi isemwe mpaka binamu ashushe mkono.

Tunafanya vipande bila mpangilio: mwisho kwanza, alafu mwanzo, alafu katikati. Mwanzo na mwisho uvijue kwa moyo, usivisome, macho yawe kwa watu. Katikati karatasi ruhusa. Ile habari ya nyavu kukatwa na meli usiku usiisome kabisa, isimulie tu unavyoisimulia barazani, ukiisoma inakufa. Kioo sitaki, mtu akijitazama hasikii anachosema.

Kisha binamu atakuharibia kwa makusudi: atapiga makofi pasipo pahala pake, atapita mbele yako, atalia kama punda (anaweza, mnamjua). Ukikatizwa usirudi mwanzo wa aya, nyamaza, maliza sentensi uliyokuwa nayo, endelea.

Usiku saa mbili na nusu, nyumbani, mbele ya shangazi na majirani watakaokuja. Ukimaliza nawauliza swali moja tu, Ami anaomba nini? Wanatakiwa wataje mawili bila kusaidiwa, maboya na chumba cha barafu pa kushushia samaki. Wakilikosa moja, hotuba ndo yenye kosa, na tunarekebisha hio sehemu tu usiku huohuo.

JUMAMOSI: hotuba nzima kwa saa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tupite Mkunguni kabla hapajachangamka, usimame palepale utakaposimama na useme salamu na sentensi za kwanza. Tunarudi saa nne kuangalia jua linapiga wapi na upepo unatoka upande gani, sababu ya karatasi. Karatasi ntaziprinti kwa herufi kubwa, upande mmoja, zenye namba, bila kubanwa pini, na hakuna sentensi itakayokatika ukurasa ukaendelea wa pili.

Saa tisa kijana wa spika anatuletea maiki nyumbani. Kiganja kimoja toka mdomoni, ukiisogeza karibu herufi P zote zinapasuka, na ikianza kupiga mluzi usiigonge, mwangalie yeye.

Saa kumi na moja jioni ndo zoezi lenyewe. Kanzu, kofia, miwani ya kusomea, viatu vilevile. Watu wamekaa, mimi na stopwochi, na hakuna kusimama hata kitu kikianguka. Alama zetu ni hizi:

dakika 1 na nusu, salamu zimekwisha
dakika 4, nyavu zimekwisha, unaingia hukumu
dakika 6 na nusu, maombi yote mawili yashasikika
dakika 8 na nusu, unaanza kumalizia na kurudia maombi
dakika 9, umekaa

Dakika moja inayobaki ni ya makofi na ya kusafisha koo, usiitumie. Hio ya sita na nusu ndo nailinda kuliko zote, hata wakizima maiki mapema ombi lishafika.

Ukizidi 9 na nusu usikimbize maneno. Aya ya bei ya mafuta ya boti ntakuwa nimeizungushia penseli, inatoka nzima, alafu tunarudia mara moja. Ukiwa ndani ya muda hakuna kurudia, hata ukiona ulikosea neno mahali.

Baada ya Isha hatuigusi tena. Jumapili ntakuwa na nakala ya pili mfukoni, nakaa safu ya mbele mkono wako wa kushoto. Nikivua kofia ni dakika ya nane. Shangazi, mahamri tuyapate mapema, na Ami asipewe kahawa zaidi ya kikombe kimoja.