Tarakimu Moja

Saa tano usiku, chumbani Tudor, Mombasa, nilibadilisha tarakimu moja tu kwenye anwani ya tovuti ya chuo: `id=4417` ikawa `id=4418`. Matokeo ya mtu mwingine yakafunguka, na namba yake ya kitambulisho. Nikafunga laptopu kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Tupia kwenye grupu, watarekebisha haraka," akasema mwenzangu.

"Na ile sheria ya mitandao ya 2018? Nitaitwa mdukuzi."

Asubuhi, mbele ya mahamri na mbaazi, nikamwandikia afisa wa data, nakala kwa mhadhiri wangu: hatua nilizofuata, saa, picha moja niliyoziba jina. Kidole kikasita.

"Mwanangu, mbona chai yapoa?" akauliza mama mahamri.

Nikabonyeza.