Masahihisho ya swali la 7: magunia ya mahindi ghalani

Mwanangu, nimesahihisha swali lako la 7 hatua kwa hatua. Utaratibu ni ule niliowaeleza darasani: naanza hatua ya 1, nashuka, na nikifika kwenye hatua ya kwanza iliyokosewa naweka peni chini. Chini ya hapo sitii tiki wala kosa. Nakuandikia ni hatua ipi na kosa lake ni la aina gani, nawe unaanza upya kutoka hapo.

Swali

Ghala lilikuwa na magunia 48 ya mahindi. Asubuhi yalitolewa magunia 18. Mchana yakaja malori 3, kila moja likiwa limepakia magunia 20 na kushusha 12 njiani. Magunia yaliyobaki kwenye malori yote yaligawanywa sawasawa kwa maghala 4, na ghala hili ni mojawapo. Ikiwa gunia moja ni sh. 70,000, tafuta thamani ya mahindi yaliyomo ghalani jioni.

Kazi yako, kama ilivyo kwenye daftari

Hatua ya 1: 48 − 18 + 3 × (20 − 12) ÷ 4
Hatua ya 2: 48 − 18 + 3 × 8 ÷ 4
Hatua ya 3: 48 − 18 + 3 × 2
Hatua ya 4: 48 − 18 + 6
Hatua ya 5: 48 − 24
Hatua ya 6: 24
Hatua ya 7: 24 × sh. 70,000 = sh. 1,680,000

Usahihishaji

Hatua ya 1 ni sahihi, na nimeisoma mara mbili kwa furaha. Hapa ndipo wengi darasani wamekwama. Wapo waliosahau kuzidisha kwa 3, wapo waliogawanya 20 kwa 4 kabla ya kutoa 12. Wewe umeona kwamba kila lori limebaki na 20 − 12, kwamba malori ni 3, na kwamba ghala letu linapata fungu moja kati ya manne. Kuligeuza fumbo kuwa sentensi ya hisabati ndiyo kazi ngumu ya swali hili, na umeimaliza.

Hatua ya 2 ni sahihi. Umefungua mabano, 20 − 12 = 8, na vingine vyote umevinakili kama vilivyo.

Hatua ya 3 ni sahihi pia. Pembeni umeandika "GA" kwa penseli, yaani umegawanya kwanza: 8 ÷ 4 = 2. Ungeweza kuanza na 3 × 8 = 24, kisha 24 ÷ 4 = 6; ingekuwa ileile. Tiki yako iko pale, ila iangalie hiyo "GA", maana tutairudia.

Hatua ya 4 ni sahihi. 3 × 2 = 6. Hilo ndilo fungu la ghala letu, magunia 6.

Hatua ya kwanza iliyokosewa: hatua ya 5
Aina ya kosa: kosa la kanuni (mpangilio wa matendo)

Kutoka 48 − 18 + 6 umekwenda 48 − 24. Kujumlisha kwako hakuna tatizo, 18 + 6 ni 24 kweli, ndiyo maana sikuandika "kosa la kukokotoa". Si kosa la kunakili, namba zote zimeshuka salama. Wala si kosa la kusoma swali, hatua ya 1 imeshathibitisha umelielewa. Tatizo ni kwamba 18 na 6 hazikutakiwa kujumlishwa pamoja. Alama ya kutoa iliyo mbele ya 18 ni ya 18 peke yake. Ulipoandika 48 − 24 umezitia 18 na 6 ndani ya mabano ambayo swali halina:

48 − (18 + 6)

Yale magunia 6 yaliyoletwa na malori umeyatoa badala ya kuyaongeza. Hebu jiulize: yalipotolewa magunia 18, ghala lilibaki na 30. Kisha yakaingia mengine 6. Inawezekanaje jioni yawe 24? Ghala limepokea mzigo halafu likapungua!

Sasa nikuambie kwa nini nina hakika kuhusu aina ya kosa. Nimeliinamisha daftari lako kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya 48 − 24 kuna alama za raba, na penseli yako ilikandamiza sana: uliandika kwanza 30 + 6. Ukafuta. Pembeni ukaandika "JU". Yaani ulikuwa umepata, kisha ukakumbuka MAGAZIJUTO, ukaona JU inatangulia TO, ukaamini lazima ujumlishe kabla ya kutoa. Uliifuata kanuni kwa uaminifu jinsi ulivyoielewa, na kwa hilo sikulaumu. Zoezi la wiki iliyopita ulifanya hivihivi: 10 − 3 + 4 ukapata 3, nami nikaandika kosa bila maelezo. Nilipaswa kukueleza siku ile.

MAGAZIJUTO inakusaidia kukumbuka ngazi. Mabano ni ngazi ya kwanza. Kugawanya na kuzidisha ni ngazi moja, wanakaa pamoja. Kujumlisha na kutoa nao ni ngazi moja. Walio kwenye ngazi moja wanafanywa kwa kufuata foleni, kutoka kushoto kwenda kulia. Neno limeandikwa JU kisha TO kwa sababu mdomo hauwezi kutamka silabi mbili kwa mpigo.

Ukiuliza mbona "GA kabla ya ZI" haikukuangusha kwenye hatua ya 3, umeuliza swali zuri. Kugawanya kwanza hakuharibu jibu: 3 × 8 ÷ 4 ni 6 ukianzia upande wowote. Na 24 ÷ 4 × 2, ukigawanya kwanza, ni 12, sawasawa na kufuata foleni. Lakini ukijumlisha kwanza, alama ya kutoa inameza namba isiyo yake, kama ilivyomeza 6 hapa. Kwa hiyo desturi yako imekuwa ikikupa majibu sahihi kwenye kugawanya na kuzidisha, ndiyo maana hukuishuku. Kwenye kujumlisha na kutoa inakuangusha kila inapokuta alama ya kutoa imetangulia.

Hatua ya 6 na ya 7 sijazisahihisha. Zimejengwa juu ya 48 − 24, na zitabadilika zenyewe ukirekebisha ya 5. Usizifanyie kazi kwanza.

Alama: hatua 4 kati ya 7.

Kazi ya kurudia

Nakili hatua ya 4 kwenye ukurasa mpya, uendelee kutoka hapo hadi mwisho. Usifute kazi ya zamani, iache ionekane. Kisha fanya hizi mbili, na chini ya kila hatua andika tendo gani umefanya na kwa nini hilo ndilo lililotangulia:

50 − 20 + 5 × 2
36 ÷ 6 × 3 − 4 + 1

Niletee daftari Jumatano asubuhi kabla ya paredi, nitakuwa ofisi ya walimu. Ukikwama, njoo na penseli ile ile, tukae wote.

Mwalimu wako wa Hisabati, Darasa la Saba