Utaratibu wa Kibali cha Kazi ya Moto, Kiwanda cha Kukamua Alizeti, Singida

Unatumika kuanzia 1 Septemba 2025. Unawahusu mafundi wetu, vibarua na wakandarasi wote wanaoingia kiwandani. Unasomwa pamoja na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003.

1. Kazi zinazohitaji kibali

Kuchomelea kwa umeme au gesi, kukata kwa gesi, kusaga na kukata kwa grainda, kupasha chuma kwa tochi ya gesi, na kazi nyingine yoyote inayotoa cheche, mwali au joto. Grainda imetajwa makusudi, maana mafundi wengi huiona kazi ndogo isiyo na haja ya karatasi. Cheche zake hurushwa mbali na kwa mwelekeo mmoja, zikaingia moja kwa moja kwenye magamba ya alizeti.

Karakana peke yake ndiyo haihitaji kibali kwa kazi za kila siku, mradi sakafu imefagiwa na mitungi ya kuzimia moto ipo. Kwa hiyo swali la kwanza la mtoa kibali ni hili: kipande hiki hakiwezi kufunguliwa boliti kikapelekwa karakana? Kama kinaweza, kibali hakitolewi. Kusema boliti zimeshika kutu si sababu ya kutosha. Zikatwe kwa msumeno wa mkono.

2. Wahusika

Mtoa kibali ni mkuu wa matengenezo. Asipokuwepo, ofisa usalama wa zamu. Msimamizi wa kazi ndiye anayeomba. Mchomeleaji hufanya kazi iliyoandikwa, si zaidi. Mlinzi wa moto hukaa na kutazama, hapewi kazi nyingine: hashiki bati, hatafuti spana, haendi kuleta fito. Mtu mmoja hawezi kujipa kibali mwenyewe, wala mchomeleaji hawezi kuwa mlinzi wake wa moto, kwani akishavaa kinyago haoni kilicho nyuma yake.

Kibali huandikwa nakala tatu: moja hubandikwa pale pa kazi, moja hukaa ofisi ya matengenezo, moja kwa msimamizi wa zamu ya uzalishaji. Kinadumu saa 8 tu, kwa sehemu moja na kazi moja. Baada ya saa 8 mchana hakitolewi kipya, isipokuwa meneja wa kiwanda amesaini na walinzi wa usiku wamepangwa kabla.

3. Ukaguzi kabla ya kazi

Mtoa kibali huenda mwenyewe mahali pa kazi. Kibali kilichosainiwa ofisini ni batili.

Vumbi na mashudu. Eneo la mita 11 kila upande lifagiliwe, na huo ni umbali wa kwenye sakafu. Kazi ikiwa juu, cheche hufika mbali zaidi na eneo huongezwa. Kufagia kuanze juu: mihimili, trei za nyaya, mgongo wa eleveta ya ndoo, ndipo sakafu. Vumbi lililotulia juu ya mhimili likitikiswa hutawanyika hewani, na wingu la vumbi la mashudu likikutana na cheche hulipuka. Usitumie hewa ya kompresa kupuliza. Tumia ufagio laini na ndoo. Kisichoweza kuondolewa kifunikwe kwa blanketi la moto. Turubai la kawaida au gunia lililoloweshwa havikubaliki, maana gunia hukauka kabla kazi haijaisha.

Matundu. Ziba nyufa za sakafu, mifereji, na tundu lolote ambalo bomba au konveya inapitia ukutani. Kama upande wa pili wa ukuta, wa sakafu au wa bati unalochomelea kuna kitu kinachoweza kuwaka, pawe na mlinzi wa moto wa pili huko. Joto hupita kwenye chuma hata pasipo na tundu.

Mashine. Konveya, eleveta na mashine za kukamua zinazogusana na kazi zizimwe, breka ya paneli ifungwe kwa kufuli na lebo, funguo akae nayo mchomeleaji. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kuhakikisha haziwaki. Mashine ya jirani inayomwaga vumbi nayo isimame, hata kama uzalishaji utalalamika.

Matangi na mapipa. Mafuta ya alizeti hayawaki kirahisi yakiwa ya baridi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Utando uliobaki ndani ya tangi "tupu" ukipashwa na moto wa kuchomelea hutoa mvuke unaowaka, na tangi lililofungwa hupasuka. Tangi lioshwe kwa maji ya moto na magadi, mabomba yatenganishwe kwa kuwekewa bati la kuziba (kufunga valvu tu hakutoshi), milango yote ifunguliwe, kisha hewa ipimwe juu, katikati na chini. Oksijeni iwe kati ya asilimia 19.5 na 23.5. Gesi inayowaka isomeke 0. Ikifika asilimia 1 ya kiwango cha chini cha kulipuka, hakuna kibali. Soma oksijeni kwanza, kwa sababu ikiwa pungufu, kipimo cha gesi kinaweza kuonyesha namba ndogo kuliko hali halisi. Na kumbuka kipimo hicho hakioni vumbi: sifuri yake si ruhusa ya kuruka ufagio. Atakayeingia ndani ya tangi anahitaji pia kibali cha kuingia sehemu finyu.

Ni marufuku kutumia pipa kama meza ya kuchomelea, hata likiwa wazi upande mmoja.

Vifaa. Klampu ya ethi ifungwe kwenye kipande chenyewe kinachochomelewa, karibu na mshono, juu ya chuma kilichosafishwa. Ikifungwa mbali, mkondo hutafuta njia kupitia beringi na minyororo, beringi huliwa, na cheche hutokea mahali ambapo hakuna anayetazama. Kebo yenye jeraha hairuhusiwi, hata ikiwa imezungushiwa utepe. Mitungi ya gesi isimame wima, ifungwe mnyororo, iwe mita 5 au zaidi kutoka cheche zinapoangukia. Vizuia moto kurudi viwepo kwenye hosi zote mbili, viungo vipimwe kwa maji ya sabuni, shinikizo la asetilini lisizidi baa 1. Mikono yenye mafuta isiguse regyuleta ya oksijeni. Katika kiwanda cha mafuta sharti hili ni gumu, kwa hiyo nawa kwanza na ubadili glavu.

Kuzima moto. Mtungi wa poda wa kilo 9, mtungi wa maji wa lita 9, na mpira wa maji uliofunguliwa ukajaribiwa. Poda ni ya mafuta na umeme. Kwa mashudu poda huua mwali wa juu tu, moto ukabaki chini ukila polepole. Huko ni maji, tena ya kunyunyiza. Maji ya kasi hurusha vumbi. Maji hayamwagwi kwenye mafuta yanayowaka wala paneli yenye umeme.

4. Wakati wa kazi

Mlinzi wa moto asimame pale anapoona cheche zinakoangukia, si pale penye kivuli. Akiona moshi, harufu ya mashudu yanayoungua, upepo uliogeuka au mtu anayeanza kumwaga mzigo karibu, husimamisha kazi bila kuomba ruhusa ya yeyote. Moto usiozimika kwa mtungi mmoja: king'ora, watu watoke, simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Vipande vya fito viwekwe kwenye kopo la chuma lenye mchanga. Mchomeleaji asisimame kwenye maji. Kama sakafu ililoweshwa, asimame juu ya ubao mkavu. Bati lililopakwa zinki lisagwe mpaka chuma kionekane kabla ya kuchomelewa, na feni itoe moshi nje.

Kazi ikisimama zaidi ya dakika 30, iwe chakula, swala au umeme kukatika, mitungi ya gesi hufungwa, mashine ya kuchomelea huzimwa, na kabla ya kuanza tena ukaguzi wa sehemu ya 3 hurudiwa na kusainiwa. Mlinzi wa moto haondoki na wenzake, hupokelewa. Kazi ikibadilika, kwa mfano tundu limeonekana kubwa kuliko ilivyodhaniwa, kibali kinafutwa na kingine huombwa.

5. Baada ya kazi

Moto mwingi wa kiwanda cha aina hii hauanzi wakati wa kuchomelea. Cheche hujificha kwenye mashudu, hukaa ikifuka, mwali ukatokea watu wameshaoga. Kwa hiyo mlinzi wa moto hubaki dakika 60 kamili tangu cheche ya mwisho, si tangu vifaa vianze kukusanywa. Baada ya hapo msimamizi wa zamu hupita kila dakika 30 kwa saa 3.

Kila mzunguko: inua blanketi uangalie chini yake, nenda upande wa pili wa ukuta, nusa, pima kwa kipimajoto cha kulenga. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimajoto kikasoma chini. Lenga sehemu yenye kutu, rangi au masizi. Joto linalopanda kati ya mzunguko mmoja na unaofuata ni dalili ya moto hata bila moshi: fukua. Matambara yenye mafuta yaende kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, nje ya jengo, maana yanaweza kujiwasha yenyewe.

Kufuli huondolewa na aliyelifunga. Nakala hurudi ofisini na kuhifadhiwa mwaka mmoja.

6. Kibali kilichojazwa

Kibali namba KM-047. Jumanne, 21 Oktoba 2025.
Kazi: kubandika bati la milimita 4 kwenye tumbo la konveya ya skrubu inayopeleka mashudu ghalani, tundu la sentimita 12, mita 2 kutoka ukuta wa ghala.
Kwa nini si karakana: tumbo limechomelewa kwenye nguzo za jengo, halina boliti.
Muda: saa 1:45 asubuhi hadi saa 9:45 alasiri.
Kabla: konveya imemwagwa, skrubu imepigwa brashi, mita 3 za ndani kila upande hazina mashudu. Tundu la ukutani limezibwa kwa blanketi la moto. Mashudu ya ghalani yamesogezwa mita 11 kutoka ukutani. Breka namba 6 imefungwa kufuli. Ethi iko sentimita 20 kutoka mshono.
Walinzi wa moto: wawili, mmoja jengo la mashine, mmoja ghalani, wana redio.
Kazi ilianza saa 2:20. Ilisimama saa 6:30 hadi 7:10 mchana. Ukaguzi ulirudiwa, blanketi la ukutani lilikutwa limelegea, likafungwa upya kwa waya.
Cheche ya mwisho: saa 8:05 mchana. Ulinzi hadi saa 9:05.
Mizunguko, nyuzi za selsiasi upande wa ghala: saa 9:35 nyuzi 41; saa 10:05 nyuzi 38; saa 10:35 nyuzi 35; saa 11:05 nyuzi 33; saa 11:35 nyuzi 31; saa 12:05 jioni nyuzi 30.
Kimefungwa saa 12:10 jioni. Konveya izungushwe tupu dakika 10 kabla ya kupokea mashudu, na mzigo wa kwanza umwagwe nje, usiingie ghalani.