Simujanja kwa Shilingi 1,500 kwa Siku

Tunajua swali lako la kwanza, kwa sababu kila anayefika dukani hulianza kabla hajakaa: mbona kwa mkopo ni ghali zaidi? Ni kweli. Simu hii yenye GB 128 inauzwa Sh 360,000 taslimu, na kwa mkopo utatoa kianzio cha Sh 60,000, kisha Sh 1,500 kila siku kwa siku 240, jumla Sh 420,000. Tofauti ni Sh 60,000, nayo tunaiandika kwenye mkataba, juu kabisa, usiitafute kwa miwani. Ukimaliza deni ndani ya siku 90, tofauti hiyo inafutwa na utakuwa umelipa bei ya taslimu.

Kama unaendesha bodaboda au unauza chakula na siku nyingine mauzo hulala, unaweza kulipia siku kadhaa mbele wakati biashara imechangamka. Ukichelewa, simu hujifunga na hufunguka ukilipa, bila faini.

Njoo na kitambulisho cha NIDA, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni.